Lupu ya animesheni kwa studio ndogo: barua pepe ya kukubaliana urefu, fremu na aina ya faili kabla ya kuchora

Studio ndogo ikiagiza lupu, mara nyingi hutaja sekunde tu: "iwe kama sekunde tano, ijirudie bila kukatika." Kwa mtengenezaji wa animesheni anayejitegemea, maelezo hayo bado hayatoshi kuanza kazi. Lupu haipimwi kwa sekunde, inapimwa kwa fremu. Idadi ya fremu inategemea kasi ya fremu, na kasi ya fremu nayo inabanwa na aina ya faili itakayotumika mwishoni. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo vitatu baada ya michoro kusafishwa, umebadilisha vyote, na sehemu ya kazi inarudi mezani.

Kwa hiyo barua pepe ya kueleza mambo haya huandikwa mapema, baada ya mchoro wa rasimu na kabla ya mchoro wa kwanza safi. Hapa chini tunaiandaa hatua kwa hatua kwa kufuata kazi moja, na mwishoni mwa hesabu kuna barua yenyewe.

Kazi ni hii. Studio ndogo inatengeneza tovuti ya mchezo wake. Juu ya ukurasa wa mbele inataka taa inayoning'inia na kubembea polepole, mwali unaocheza ndani ya kioo, na nondo wawili wanaoizunguka. Urefu "kama sekunde 5". Inataka pia GIF ya picha hiyo hiyo kwa ajili ya jarida lake la barua pepe.

## Maswali manne ya kuuliza kwanza

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, pata majibu ya maswali manne. Lupu itachezwa wapi hasa: ndani ya kivinjari, ndani ya mchezo, kwenye video ya kuhaririwa, au kwenye barua pepe? Nyuma ya taa kutakuwa na rangi moja inayojulikana, au picha nyingine itaonekana kupitia nafasi zilizo wazi? Itaonyeshwa kwa upana na urefu wa pikseli ngapi? Faili haipaswi kuzidi uzito gani?

Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Kama usuli ni rangi moja, faili moja ya MP4 inatosha kwa vivinjari vyote vya kawaida. Kama usuli lazima uwe wazi, MP4 ya H.264 haifai kabisa, kwa sababu haibebi alfa, yaani ile taarifa ya ni wapi picha ipo na ni wapi pako wazi. Hapo utahitaji angalau faili mbili: WebM ya VP9 yenye alfa kwa Chrome na Firefox, na HEVC yenye alfa kwa Safari, ambayo Apple ilianza kuiunga mkono mwaka 2019. Ni kazi ya ziada ya kuhamisha na kujaribu, na ni haki ijulikane kabla ya kukubaliana malipo.

Tuseme studio yetu imejibu hivi: ni kivinjari, usuli ni rangi moja ya bluu iliyokolea ambayo ukurasa mzima unaitumia, ukubwa ni 1280 kwa 720, na hakuna sauti.

## Urefu: hesabu mizunguko midogo, sekunde zitafuata

Ndani ya lupu moja kuna mizunguko kadhaa midogo, na kila mmoja una urefu wake. Orodhesha kila kitu kinachojirudia katika rasimu, kisha andika kinachukua fremu ngapi kurudi kilipoanzia. Kwa taa yetu, tukifanya kazi kwa fremu 24 kwa sekunde, rasimu inaonyesha hivi: taa inabembea kwenda na kurudi kwa fremu 48, mwali una michoro 16, kila mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili, jumla fremu 32, nondo wa kwanza anamaliza mzunguko kwa fremu 96, wa pili kwa fremu 48, na mabawa yao yanapiga kila fremu 4.

Lupu nzima lazima igawanyike kwa kila namba hapo bila kubaki kitu. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 48, 32, 96 na 4 ni 96. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni sekunde 4 kamili.

Sasa rudi kwenye zile sekunde 5 za studio. Sekunde 5 ni fremu 120. Ukigawa 120 kwa 48 unapata 2.5, maana yake lupu inapoisha taa imefika upande wa pili wa bembea yake. Kama inabembea digrii 8 kila upande, basi kila baada ya sekunde 5 itaruka digrii 16 kwa ghafla. Mwali nao utakatwa katikati, kwa sababu 120 kwa 32 ni 3.75. Hakuna mbinu ya kuhariri itakayoficha hilo vizuri. Ukijaribu kufifisha mwisho uyeyuke ndani ya mwanzo, kwa muda mfupi utaona taa mbili.

Zinabaki njia tatu, na barua itaje zote ili studio ichague ikijua. Ya kwanza ni fremu 96, sekunde 4, bila kubadilisha chochote kwenye rasimu. Ya pili ni fremu 192, sekunde 8, mizunguko ile ile ikijirudia mara mbili zaidi. Ya tatu ni kung'ang'ania fremu 120: bembea ipelekwe fremu 60, mwali uongezewe michoro minne ufike 20, na mizunguko ya nondo ichorwe upya kwa fremu 120 na 60. Hii ya tatu inawezekana, lakini ina gharama mbili. Moja ni michoro ya ziada. Nyingine ni sura ya taa: bembea ya sekunde 2 ni ya kamba yenye urefu wa mita moja hivi, na bembea ya sekunde 2.5 ni ya kamba inayozidi mita moja na nusu. Jicho linalijua hilo hata bila kupima, na taa yenye kamba fupi ikibembea polepole hivyo itaonekana kama iko ndani ya maji.

Kuna jambo jingine linaloamua urefu, nalo halimo kwenye hesabu. Lupu fupi hugundulika pale penye tukio la kipekee. Nondo akigonga kioo mara moja, mtazamaji atamwona akigonga tena baada ya sekunde 4, kisha tena, na kuanzia hapo hataona kingine. Bembea na mwali havina tatizo hilo kwa sababu mtu anatarajia vijirudie. Kwa hiyo kama studio inataka tukio kama hilo, njia ya fremu 192 ndiyo sahihi: tukio liwekwe mara moja tu ndani ya sekunde 8. Kama haitaki, 96 zinatosha.

## Fremu kwa sekunde

Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Video ya fremu 30 inaingia humo sawasawa, kila fremu ikikaa kwa michoro miwili ya skrini. Video ya fremu 24 haiingii sawasawa: fremu moja inakaa mara mbili, inayofuata mara tatu, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kutolingana huko huonekana pale kitu kikubwa chenye kingo kali kinapopita skrini nzima polepole na kwa mwendo ule ule, kwa mfano mandhari inayosogea kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kazi ya namna hiyo pendekeza 30 au 60. Kwa taa inayobembea nafasi ndogo na mwali uliochorwa kwa mkono, 24 hazionyeshi kasoro yoyote.

Kuna pia suala la michoro. Kwa fremu 24, mchoro mmoja ukishikiliwa fremu mbili, unachora 12 kwa kila sekunde. Kwa fremu 30 kwa mtindo ule ule unachora 15. Katika sehemu isiyojirudia ya sekunde 4, hiyo ni tofauti ya michoro 48 na 60. Studio ikiomba 30 "ili iwe laini zaidi", ijulishwe kwamba ulaini wa mwali hautabadilika sana, lakini bei ya kuchora itabadilika.

Ambalo lazima liandikwe wazi ni kwamba kasi hii haibadilishwi baadaye kwa kubonyeza kitufe. Mtu wa studio akiiweka lupu ya fremu 24 kwenye mradi wa video wa fremu 30, programu itarudia fremu moja katika kila nne ili zipatikane tano. Mwali ambao kila mchoro wake ulikaa fremu mbili sasa utakaa mbili, kisha tatu, kisha mbili. Utaonekana una kigugumizi, na atakayelaumiwa ni mchoraji. Ukiona malalamiko ya "inakwamakwama" yamekuja na picha ya programu ya kuhariri, anza kwa kuuliza mradi wao umewekwa fremu ngapi. Andika "24 kamili" pia, kwa sababu programu nyingi za kuhariri zina chaguo la 23.976 jirani yake, na lupu ya fremu 96 iliyowekwa humo haimaliziki tena kwenye sekunde 4.

Kisha kuna GIF, ambayo ina sheria zake. Muda wa kila fremu ndani ya GIF huandikwa kwa vipande vya sehemu moja ya mia ya sekunde. Fremu 24 kwa sekunde zingehitaji kipande cha 4.17, na kitu kama hicho hakiandikiki. Unaweza kupata 4, yaani fremu 25, au 5, yaani fremu 20. Usijaribu 1, kwa sababu vivinjari huchukulia muda mdogo kiasi hicho kama 10 na picha inakuwa nzito kama mtu anayesinzia.

Kwa taa yetu kuna njia nzuri. Kwa kuwa mwali umeshikiliwa fremu mbili mbili kuanzia fremu ya kwanza, chukua fremu za namba witiri tu: 0001, 0003, 0005 hadi 0095. Hizo ni fremu 48, na kila mchoro wa mwali umo mara moja katika kila mzunguko wake. Zipe kila moja muda wa 8. GIF itacheza sekunde 3.84 badala ya 4, tofauti ambayo hakuna atakayeiona. Kinachopotea ni nusu ya nafasi za bembea na nondo, na mabawa yatabaki na nafasi mbili tu, juu na chini, jambo linalofaa kwa picha ndogo. Mpango huu unafanya kazi kwa sharti moja: kila mchoro wa mwali ushikiliwe fremu mbili kamili. Ukishikiliwa fremu moja unaweza kukosekana kwenye GIF, na ukishikiliwa tatu unaweza kutokea mara mbili. Hii nayo ni sababu ya kujua mapema kama GIF itahitajika.

## Kufunga lupu: fremu ya 97 ni ya 1

Kosa linaloharibu lupu nyingi kuliko yote ni kuhifadhi fremu ya mwisho iliyo sawa na ya kwanza. Ni rahisi kulifanya, kwa kuwa ili mwendo ufunge ni lazima uweke nafasi ya mwisho iliyo sawa na ya mwanzo. Siri ni kwamba nafasi hiyo huwekwa nje ya lupu. Kwa lupu ya fremu 96, ufunguo wa kufungia unakaa kwenye fremu ya 97, na unachotoa ni fremu ya 1 hadi ya 96. Katika programu zinazohesabu kuanzia sifuri, fremu ni 0 hadi 95, na ufunguo unakaa kwenye 96.

Ukitoa fremu 97, picha moja itaonekana mara mbili mfululizo, na lupu itasita kidogo kila inaporudi. Kusita huko kunajificha. Kama lupu inaanza taa ikiwa pembeni kabisa mwa bembea, hapo taa karibu imesimama: kati ya fremu mbili inasogea chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Ukiitazama taa hutaona kitu. Mtazame nondo wa kwanza. Akizunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 200, husogea takriban pikseli 13 kila fremu bila kupumzika. Akiganda kwa fremu moja, jicho linashtuka. Daima kagua kiungo cha lupu kwenye kitu chenye mwendo wa kasi na usiobadilika.

Kosa la pili linafanana na hilo lakini chanzo chake ni kingine. Nafasi ya mwisho na ya mwanzo zinalingana, ila kasi hazilingani. Hutokea pale programu inapolainisha funguo zote yenyewe: nondo anapunguza mwendo akikaribia fremu ya 97 na kuongeza tena kuanzia ya 1, kana kwamba anatua mahali pasipoonekana. Kwa mwendo wa duara, funguo za mwanzo na mwisho ziwe za mwendo usiobadilika. Kwa bembea, ulainishaji huo unakubalika pembeni kabisa, ambako taa husimama kweli, na haukubaliki katikati, ambako inapita kwa kasi yake kubwa kuliko zote.

Kwa kuwa lupu iliyofungwa vizuri inaweza kuanzia popote, chagua fremu ya kwanza kwa makusudi. Baadhi ya programu za barua pepe huonyesha fremu ya kwanza tu ya GIF na kuishia hapo. Ukurasa wa tovuti nao huonyesha picha ya kusubiria kabla video haijaanza. Fremu ya 1 iwe ile ambayo taa iko mahali pazuri, mwali umesimama vizuri, na nondo wote wawili wanaonekana.

## Aina ya faili

Tenganisha faili mama na faili za kutumia. Faili mama ni mfululizo wa PNG, kila fremu faili yake, kuanzia taa_0001.png hadi taa_0096.png, zikiwa na usuli wazi. Hazina upotevu wowote, idadi inahesabika kwa macho kwenye folda, na fremu moja ikiharibika inabadilishwa peke yake. Faili za kutumia, MP4 na GIF, hutolewa kutoka hizo, baada ya kuweka rangi ya usuli.

Kwa kutengeneza MP4 kutoka nakala yenye rangi ya usuli, amri ya programu ya ffmpeg ni hii:

```
ffmpeg -framerate 24 -start_number 1 -i taa_%04d.png \
  -vf "scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv,format=yuv420p" \
  -c:v libx264 -crf 18 \
  -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -colorspace bt709 \
  -movflags +faststart -an taa.mp4
```

Kila kipande kina sababu yake. Ukiacha `-framerate 24`, ffmpeg huchukulia picha ni 25 kwa sekunde, na lupu yako ya sekunde 4 inatoka na sekunde 3.84 bila onyo lolote. `yuv420p` inahitajika kwa sababu vivinjari na simu nyingi haziwezi kucheza H.264 ya aina nyingine, nayo hudai upana na urefu vigawanyike kwa mbili. Studio ikiomba upana wa 1281, amri itakataa.

`-an` inaondoa sauti kabisa. Hata njia ya sauti iliyo kimya ina madhara: sauti ya AAC hupangwa kwa vipande vya urefu maalumu, mwisho wake haukutani kamili na mwisho wa picha, na kivinjari husubiri sauti iishe ndipo kirudie. Mapumziko madogo kila sekunde 4 kwenye faili ambayo fremu zake ni sahihi, mara nyingi chanzo ni hicho.

Mistari ya bt709 inahusu rangi, na kwa taa yetu ndiyo muhimu kuliko yote. Bila hiyo, ffmpeg hubadilisha rangi za PNG kwa kanuni ya zamani ya bt601, huku kivinjari kikisoma video ya ukubwa huu kwa kanuni ya bt709. Bluu ya video inatofautiana kidogo na bluu ya ukurasa, na mstatili unaonekana wazi kuzunguka taa. Hata ukiweka yote sawa, vivinjari tofauti vinaweza kuonyesha tofauti ndogo sana, kwa hiyo ni vyema kuomba studio ijaribu kipande cha fremu chache kwenye ukurasa wenyewe kabla kazi haijaisha. Tofauti ikibaki, kuna suluhisho mbili: studio ichukue rangi ya ukurasa kutoka kwenye video, au mhamie kwenye zile faili mbili zenye alfa.

Usuli wa giza una tatizo lake pia. Fremu ya kwanza ya H.264 huhifadhiwa nzima, na zinazofuata huhifadhiwa kama mabadiliko tu. Kwenye mwanga unaofifia polepole kuelekea gizani, fremu ya 96 inaweza kuwa chafu kidogo kuliko ya 1, na mwanga ukaonekana kupumua kila lupu inaporudi. Ukiona hivyo, shusha `-crf`, namba ya ubora ambayo ikiwa ndogo picha huwa safi zaidi, kutoka 18 hadi 16. Faili itakuwa nzito zaidi, ndiyo maana uzito wa juu unaulizwa mapema.

## Barua yenyewe

Kichwa cha barua kibebe namba, ili mtu anayetafuta baada ya miezi kadhaa aipate bila kuifungua.

> Kichwa: Lupu ya taa: fremu 96, fremu 24 kwa sekunde, PNG na MP4 – naomba uthibitisho
>
> Habari za kazi,
>
> Asanteni kwa majibu yenu. Kabla sijaanza kusafisha michoro, naomba tukubaliane mambo matatu, kwa sababu baada ya hapo kuyabadilisha ni kuchora upya.
>
> Urefu. Mliomba kama sekunde 5. Napendekeza sekunde 4, yaani fremu 96. Bembea ya taa, mwali na nondo vyote vinarudi mwanzo kwa pamoja kwenye fremu hizo. Kwa sekunde 5 taa ingekatika ikiwa upande wa pili na kuruka. Kama mnataka nondo agonge kioo, twende sekunde 8, ili tukio hilo lisirudi haraka mno. Sekunde 5 kamili zinawezekana kwa kuongeza michoro na kupunguza kasi ya taa. Nitawapa bei yake mkihitaji.
>
> Kasi. Fremu 24 kamili kwa sekunde, si 23.976. Mkiiweka kwenye mradi wa video wa fremu 30, mwali utakwama. Kama mna mpango wa kuitumia kwenye video, niambieni sasa.
>
> Faili. Mtapokea:
> 1. PNG 96 zenye usuli wazi, 1280 kwa 720, taa_0001 hadi taa_0096. Hizi ni faili mama, msizipunguze.
> 2. taa.mp4, H.264, bila sauti, usuli wa rangi yenu ya bluu.
> 3. taa.gif, fremu 48, upana wa pikseli 600, kwa jarida. Itacheza sekunde 3.84, kwa sababu GIF haiwezi kubeba fremu 24 kwa sekunde. Rangi zake hazizidi 256, hivyo mwanga wa taa utaonekana na madaraja.
>
> Fremu ya mwisho si nakala ya fremu ya kwanza. Naomba msiongeze wala kukata fremu mwanzoni au mwishoni.
>
> Naomba mnijibu mambo matatu: sekunde 4 au 8? Namba kamili ya rangi ya usuli ni ipi? Faili ya MP4 isizidi uzito gani? Pamoja na barua hii naambatanisha jaribio la fremu 24 lenye rangi ya makadirio. Mliweke kwenye ukurasa wenu mniambie kama mnaona mpaka kuzunguka picha.
>
> Nitaanza kusafisha michoro nikipata uthibitisho wenu.
>
> Wenu katika kazi,

Barua hii haielezi kodeki wala kanuni za rangi. Anayesoma anahitaji kujua uamuzi, sababu yake kwa sentensi moja, na kitakachotokea akiubadilisha. Maelezo mengine yaende kwa mtu wa tovuti wakati wa kukabidhi, pamoja na kipande hiki:

```
<video autoplay loop muted playsinline
       width="1280" height="720" poster="taa_poster.png">
  <source src="taa.mp4" type="video/mp4">
</video>
```

Bila `muted`, baadhi ya vivinjari vinaweza kukataa kuianzisha video yenyewe, hata kama haina sauti yoyote ndani. Bila `playsinline`, iPhone itaifungua kwa skrini nzima. Picha ya `poster` ni fremu ya 1 ikiwa na rangi ya usuli.

## Ukaguzi kabla ya kutuma

Hesabu fremu ndani ya MP4, usiamini urefu unaoonyeshwa na kichezeshi:

```
ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 \
  -show_entries stream=r_frame_rate,nb_read_frames \
  -of default=nw=1 taa.mp4
```

Majibu yawe `r_frame_rate=24/1` na `nb_read_frames=96`. Ukiona 97, umetoa fremu ya kufungia. Ukiona 25/1, ulisahau kutaja kasi mwanzoni mwa amri. Kwa GIF, hakikisha fremu ni 48 na kila moja ina muda wa 8.

Kisha tengeneza faili ya jaribio inayocheza lupu mara nne mfululizo:

```
ffmpeg -stream_loop 3 -i taa.mp4 -c copy jaribio.mp4
```

Faili hii inatenganisha matatizo mawili yanayochanganywa sana. Vichezeshi vingine husita vyenyewe vinaporudi mwanzo, hata lupu iwe safi. Kwenye jaribio.mp4 viungo vitatu vimo ndani ya video, kwa hiyo kichezeshi hakirudi mwanzo hapo. Ukisogeza fremu moja moja kuvuka fremu ya 96, nondo wa kwanza anapaswa kupiga hatua ile ile ya pikseli 13 kama kwingine kote. Hatua ikiwa sifuri, kuna fremu iliyorudiwa. Hatua ikiwa mara mbili, kuna fremu iliyokosekana, na kawaida ni kwa sababu mtu ametoa 1 hadi 95 akidhani anaondoa nakala ambayo haikuwepo. Na kama jaribio.mp4 linapita safi lakini lupu inasita kwenye ukurasa wa studio, mpelekee mtu wa tovuti faili zote mbili. Kwanza aangalie kama mfumo wao unaibadilisha video upya unapoipakia, kwa kuwa mifumo mingine huiongezea njia ya sauti au kuibadilishia kasi bila kuuliza.